Meseji za kulipia zinazokula kredo kila siku: jinsi ya kuzipata, kuzifuta na kuzifungia kabisa

Watu wengi wakiona meseji ya kulipia isiyotakikana hubonyeza namba iliyoituma, wakachagua Block, kisha wakaendelea na shughuli zao. Meseji haionekani tena, lakini kredo inaendelea kupungua. Baya zaidi ni kwamba ule ujumbe uliokuwa ukitaja jina la huduma na bei yake sasa umefichwa, kwa hiyo mwenye laini anakatwa bila hata dalili ya nani anamkata.

Hii hutokea kwa sababu usajili wa huduma hizi haukai kwenye simu. Unakaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, umefungamanishwa na namba yako. Kampuni inayouza maudhui, iwe ni matokeo ya soka, mistari ya Biblia, ubashiri wa mechi au dondoo za mapenzi, hukodi namba fupi ya tarakimu tano hivi na kupewa ruhusa ya kutoza salio la wateja waliojiunga. Kila siku mtambo hupitia orodha ya waliojiunga na kukata. Simu yako inapokea taarifa tu. Ukiizima, ukibadilisha kifaa au ukifuta kila kitu kilichomo, orodha ile bado ina namba yako. Kwa hiyo kazi yote ya kuondoa makato hufanyika upande wa kampuni ya simu, na simu yenyewe huangaliwa baadaye, ili usisajiliwe tena.

Maelezo haya yanafuata mfano wa Kenya, hasa laini ya Safaricom ya malipo ya kabla, kwa kuwa njia zake za kujiondoa zinajulikana vizuri. Utaratibu wenyewe hautofautiani sana kwa mitandao mingine.

Kwanza hakikisha ni meseji za kulipia zinazokula kredo, maana wako wezi wengine wa salio. Data ikitumika bila bando hula kredo moja kwa moja, na simu janja hutumia data hata ikiwa mfukoni, kwa kusasisha programu na kuhifadhi picha mtandaoni. Deni la Okoa Jahazi nalo hukatwa mara tu unapoweka kredo. Lipo pia bando ulilolinunua kwa mpango wa kujirudia bila kukumbuka.

Kupambanua si vigumu. Usiku kabla ya kulala zima data, angalia salio kwa *144#, na uliandike hadi senti. Asubuhi, kabla ya kuwasha data au kupiga simu yoyote, angalia tena. Kiasi kilichopungua kinakuambia mengi. Kama zimepungua shilingi 5, 10 au 15 kamili, na kesho zikapungua vilevile, huo ni usajili. Kiasi chenye senti zisizo na mpangilio, kama 3.27, na kinachopungua tu data ikiwa imewashwa, ni data bila bando, na dawa yake iko kwenye menyu ya data ya Safaricom, *544#. Kama kredo imepotea papo hapo ulipoiweka, kwanza hakikisha huna deni la Okoa Jahazi. Kama huna, basi kuna usajili uliokuwa ukisubiri pesa.

Huko kusubiri pesa kunastahili kuelezwa, kwa sababu ndiko kunakowafanya watu waamini kampuni ya simu inawaibia kredo mpya. Mtambo ukijaribu kukukata na kukuta salio halitoshi, haukufuti kwenye orodha. Hujaribu tena baadaye, mara nyingine zaidi ya mara moja kwa siku. Baadhi ya huduma hata hushusha kiasi: zikikosa shilingi 10 hujaribu 5, kisha pungufu ya hapo. Ndiyo maana kuacha laini bila kredo na kununua bando kwa M-Pesa moja kwa moja hupunguza hasara lakini hakuondoi usajili. Siku utakapoweka kredo kwa dharura, itakatwa kabla hujapiga simu.

Tuchukue mfano. Tuseme laini ina salio la shilingi 12 usiku, na imesajiliwa kwenye huduma mbili: habari za soka kwa shilingi 10 kwa siku, na dondoo za afya kwa shilingi 5. Alfajiri soka inakatwa, zinabaki 2. Dondoo za afya zinajaribu na kukosa. Saa nne asubuhi mwenye laini anaweka kredo ya 20, salio linakuwa 22, na dakika chache baadaye anakuta 17. Kwake yeye, shilingi 5 zimeyeyuka bila sababu. Kwa hesabu ya mtambo, amelipa deni la asubuhi. Huduma zote mbili zikikatwa kila siku kwa mwezi wa siku 30, ni shilingi 450. Hata ile ndogo ya shilingi 5 peke yake hufika 1,825 kwa mwaka, na kwa mama anayeweka kredo ya 20 kwa siku hiyo ni pesa ya kuonekana.

Sasa kujiondoa. Anza na zile meseji ulizo nazo. Zisome hadi mwisho, kwa sababu bei na neno la kujitoa huwekwa mwishoni kabisa, baada ya maneno mengi. Kama ujumbe umetoka kwenye namba fupi, jibu kwa neno STOP kwenda namba hiyohiyo. Subiri jibu linalothibitisha kuwa umetolewa, na usilifute. Katika mfano wetu, soka inaondoka kwa njia hii.

Hatua hii ndogo hukwama kwa namna tatu. Ya kwanza ni laini mbili. Simu yenye laini mbili inaweza kutuma STOP kwa laini ya pili ambayo haijasajiliwa, na mtambo hautamwondoa mtu asiyekuwa kwenye orodha. Kabla ya kutuma, hakikisha umechagua laini ileile iliyopokea ujumbe. Ya pili ni namba fupi inayotumiwa na huduma kadhaa. Hapo STOP peke yake haitoshi, unatakiwa kuongeza jina la huduma, kwa mfano STOP SOKA, na ujumbe wenyewe huwa unataja neno hilo. Ukipokea jibu la kusema neno halijaeleweka, rudi kwenye ujumbe wa kwanza uangalie umeandikaje. Ya tatu ni ujumbe unaotoka kwa jina badala ya namba. Jina halijibiki. Ukijaribu, simu itakataa kutuma au ujumbe utapotea. Dondoo za afya katika mfano wetu ziko hivi, na kwazo STOP haina kazi.

Kwa huduma za aina hiyo, na kwa zile ambazo hukumbuki hata kidogo, piga *456*9*5#. Hii ndiyo menyu ya Safaricom ya huduma za kulipia na meseji za matangazo, na huenda umeiona mara nyingi, kwa sababu meseji nyingi za matangazo nchini Kenya huishia na maneno STOP*456*9*5#. Inafanya kazi hata kwenye simu ya kabambe, bila data. Ikifunguka, soma maneno ya kila chaguo badala ya kukariri namba ulizotumiwa na mtu, maana mpangilio wa menyu hubadilishwa. Tafuta kwanza sehemu inayokuonyesha huduma ulizojiunga nazo, uzitoe moja baada ya nyingine, na usubiri ujumbe wa kuthibitisha kila moja.

Ndani ya menyu hiyo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Meseji za matangazo, zile za duka likitangaza punguzo au mwanasiasa akiomba kura, hazikati kredo yako, kwani anayelipa ni mtumaji. Meseji za kulipia ndizo zinazokukata wewe. Mtu anaweza kuzima matangazo yote, akaona simu imetulia, akadhani amemaliza, kumbe makato yanaendelea kama kawaida. Upande mwingine, ukizima matangazo yote jumla, unaweza pia kukosa taarifa za shule, chama au zahanati ikiwa wanatumia njia ileile ya matangazo kuwatumia watu meseji. Kama lengo lako ni kredo, shughulikia huduma za kulipia kwanza. Matangazo ni uamuzi mwingine.

Mwito wa Skiza, ule wimbo anaousikia anayekupigia, una menyu yake ya *811#. Unatozwa kama usajili, na mara nyingi mwenye laini hajui kama anao kwa sababu yeye mwenyewe hausikii. Mwombe mtu akupigie, akuambie kama anasikia wimbo au mlio wa kawaida.

Baada ya hapo rudia kipimo cha usiku na asubuhi, kwa siku mbili mfululizo. Siku moja haitoshi, kwa sababu zipo huduma zinazokata kwa wiki, na nyingine zilikwisha kukata za leo kabla hujajitoa. Kama unashuku ya wiki, andika salio siku moja na uangalie tena siku hiyohiyo wiki inayofuata, huku ukijua ulichotumia katikati.

Ikiwa bado kuna kinachokatwa, piga 100 uzungumze na mhudumu. Hapa namna ya kuuliza ina uzito. Ukisema tu kwamba kredo yako inaisha, utaelezwa kuhusu data na kuambiwa uzime simu uiwashe. Sema hivi badala yake: naomba unisomee huduma zote za kulipia zilizo kwenye namba yangu, kila moja na namba yake fupi na tarehe niliyojiunga. Halafu omba ziondolewe zote ukiwa bado kwenye simu. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, omba laini yako ifungiwe huduma za kulipia zisiweze kujiunga tena, kwa meseji na kwa kurasa za mtandaoni. Kufuta huduma na kufungia laini ni mambo mawili tofauti. Ukifuta bila kufungia, mlango bado uko wazi kwa huduma nyingine, au ileile kwa jina jipya. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako na uiandike pamoja na tarehe na saa.

Ujue pia gharama ya kufungia. Laini iliyofungiwa inaweza kukataa hata zile namba fupi unazozihitaji, kama kupigia kura kipindi cha televisheni, kushiriki shindano la redio au kununua mwito wa Skiza. Meseji za M-Pesa na za benki haziko kwenye kundi hili. Kwa laini ya mzazi kijijini au ya mtoto, sioni sababu ya kuiacha wazi.

Airtel na Telkom nchini Kenya nao wana huduma kwa wateja kwenye namba 100, na maombi yale matatu hufaa vilevile. Tanzania pia, Vodacom, Airtel, Yas na Halotel hupatikana kwa 100. Huko usitumie misimbo ya Safaricom ya Kenya inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, maana kila mtandao una misimbo yake na msimbo uleule unaweza kufungua kitu kingine kabisa.

Lililobaki ni kujua ulivyoingia kwenye orodha, maana anayesema sikujiunga popote mara nyingi anasema kweli. Njia inayonasa watu wengi siku hizi ni ukurasa wa wavuti. Unabonyeza tangazo la video, kupakua wimbo au mchezo, ukurasa unafunguka na kitufe kikubwa cha Endelea, na maandishi madogo ya bei chini yake. Ukiwa unatumia data ya simu, mtandao unaweza kuupa ukurasa huo namba yako bila wewe kuiandika, kwa mpango wa kibiashara kati ya kampuni ya simu na mtoa huduma. Mbofyo mmoja unatosha kukusajili. Ukiwa kwenye Wi-Fi, ukurasa hauijui namba yako, na ndipo hukuomba uiandike, kisha uweke nambari ya siri ya mara moja uliyotumiwa kwa meseji. Ukiona ukurasa wa burudani unaomba namba hiyo ya siri, jua kuwa ndiyo saini ya usajili. Ufunge.

Njia ya pili ni kijisanduku kinachotokea ghafla kwenye skrini, mara nyingi baada ya kukata simu, kikiwa na maneno machache na OK. Kidole kilichokuwa kikielekea kwingine hubonyeza OK. Vijisanduku vya namna hii hutoka kwenye laini yenyewe, na kwenye simu nyingi vinaweza kuzimwa ndani ya programu ya SIM Toolkit, kwenye sehemu ya ujumbe au taarifa za mtandao. Hadi utakapovizima, toka kwa kitufe cha kurudi nyuma, usibonyeze OK.

Njia ya tatu ni programu zenye virusi. Kundi la virusi vya Android liitwalo Joker, ambalo Google huliita Bread, lilianza kuonekana mwaka 2017, na kazi yake ni hiyohiyo: kusajili simu kwenye huduma za kulipia kimyakimya. Mwezi Januari 2020 Google ilieleza kuwa ilikuwa imeondoa programu 1,700 za kundi hilo kwenye duka lake. Zilijificha ndani ya programu za kawaida kabisa, za kupamba picha, za mandhari ya skrini, za kusoma nyaraka. Mwaka huohuo, kampuni ya usalama ya Upstream iliripoti simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zikiwa tayari na virusi vya Triada na xHelper ndani yake. Simu ya bei nafuu inaweza kuanza kukukata siku ile ile uliyoitoa kwenye boksi.

Dalili ya njia hii ni kwamba usajili unarudi. Umejitoa, umethibitishiwa, na baada ya siku kadhaa huduma nyingine imejiunga yenyewe. Hapo usihangaike na STOP tena kabla ya kusafisha simu. Kwenye Android fungua Settings, kisha Apps, kisha Special app access, na utafute Premium SMS access. Majina ya sehemu hizi hupishana kidogo kati ya simu na simu, lakini maneno Special app access huwapo kwenye nyingi. Ukikuta programu yoyote kwenye orodha hiyo, iweke Never allow. Kisha rudi kwenye Special app access uangalie Notification access, yaani programu zilizoruhusiwa kusoma taarifa zinazokuingilia. Programu ya tochi au ya picha haina haja ya kusoma meseji zako, na ruhusa hiyo ndiyo inayoiwezesha kuchukua nambari ya siri ya usajili na kuijaza yenyewe. Iondolee ruhusa, kisha ifute. Malizia kwa kuchunguza simu kwa Play Protect ndani ya Play Store.

Kinga hiyo ya Premium SMS access ina mpaka. Inazuia programu kutuma meseji ya kulipia, lakini haizuii usajili unaopita kwenye ukurasa wa wavuti uliofunguliwa kimyakimya kwa data. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya kufungiwa laini upande wa kampuni. Na kama virusi vimo ndani ya mfumo wa simu tangu kiwandani, hata kurudisha simu kwenye hali ya mwanzo hakuviondoi. Njia ya kujua ni kuhamisha laini kwenye simu nyingine kwa wiki moja baada ya kujitoa. Ikiwa usajili haurudi, tatizo ni ile simu.

Wapo pia wanaonunua laini mpya na kukuta inakatwa tangu siku ya kwanza. Namba zilizokaa bila kutumika huuzwa upya, na usajili wa mwenye zamani unaweza kuwa haukufutwa. Kwa laini mpya, piga *456*9*5# kabla ya kuweka kredo nyingi.

Wakati wote huu jihadhari na anayekupigia akisema anataka kukusaidia kujitoa. Safaricom hupigia wateja wake kwa 0722 000 000. Kujitoa hakuhitaji PIN ya M-Pesa, wala namba ya kitambulisho, wala nambari ya siri iliyoingia kwa meseji. Na usimjibu STOP mtu aliyekutumia meseji kwa namba ya kawaida ya simu. Huyo hana usajili wa kukutoa, na jibu lako linamthibitishia tu kuwa namba inatumika.

Kuhusu kurudishiwa pesa, dai kwa kampuni ya simu kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokata salio. Kanuni za Kenya za ulinzi wa watumiaji wa mawasiliano za mwaka 2010 zinataka mteja awe amekubali kwanza kabla ya kutumiwa matangazo ya moja kwa moja. Kwa hiyo swali lako kwa mhudumu liwe moja: nionyeshe nilikubali lini, na kwa njia gani. Ikiwa jibu ni kwamba ulijiunga kupitia ukurasa wa wavuti tarehe fulani saa nane usiku, una hoja. Weka picha za skrini za meseji zenye bei, salio la kabla na la baada, ujumbe wa kuthibitisha umejitoa, na namba ya kumbukumbu. Makato yaliyofuata baada ya uthibitisho huo ndiyo rahisi zaidi kurudishiwa, maana kampuni yenyewe imekiri kuwa hukuwa tena mteja wa huduma hiyo. Wakikukatalia au wakikaa kimya, peleka ushahidi uleule kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kupitia chukuahatua@ca.go.ke, ukitaja namba yako, namba fupi ya huduma, kiasi ulichokatwa na tarehe ulizowasiliana na kampuni. Mamlaka itataka kuona kwamba ulianza na kampuni, na ndiyo maana ile namba ya kumbukumbu ya 100 haifai kupotea.